Daftari la kolamu 20 linakatika likiprintiwa: nataka karatasi ilale na vichwa vijirudie kila ukurasa

Katibu_Moro

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa SACCOS ndogo hapa Morogoro, tuna wanachama 212. Kila mwaka kabla ya mkutano mkuu tunabandika ukutani daftari la akiba na mikopo ili kila mtu akague mstari wake. Daftari lipo kwenye Excel 2016 na limekuwa pana kuliko nilivyotarajia.

Nieleze lilivyo. Mstari wa 1 hadi wa 3 ni jina la chama na mwaka, wa 4 mtupu. Vichwa vya kolamu viko mistari miwili, wa 5 na wa 6: wa 5 umeandikwa AKIBA ZA KILA MWEZI kwa visanduku vilivyounganishwa, wa 6 ni majina ya miezi. Wanachama wanaanzia mstari wa 7 hadi wa 218, na 219 ni jumla. Kolamu ni A hadi T: namba, namba ya mwanachama, jina, hisa, miezi 12, jumla ya akiba, mkopo, marejesho, salio. Halafu kolamu V na W nina makadirio yangu ya riba ambayo hayapaswi kuonekana ukutani.

Niliprinti moja kwa moja zikatoka karatasi 15. Ukurasa mmoja una majina na Januari hadi Machi. Mwingine una Aprili hadi Novemba bila jina hata moja. Wa tatu una Desemba, salio, na yale makadirio yangu ya riba. Mwaka jana tuliunganisha kwa selotepu na watu wakasoma mistari isiyo yao, mama mmoja akaamini salio la jirani yake ni lake. Sitaki lijirudie.

Nimejaribu "Fit Sheet on One Page", maandishi yakawa madogo hayasomeki kabisa. Nikasikia kuna "Rows to repeat at top", nikaikuta, lakini kile kisanduku ni cha kijivu, hakiandikiki. Naomba msaada, mkutano ni wiki ijayo.

---

Bwana_Stoo

Mkuu, mimi natunza stoo na leja yangu ni pana kama yako. Nenda Page Layout, bonyeza Orientation, chagua Landscape, karatasi italala. Kisha Ctrl+P, pale chini ambapo ulichagua "Fit Sheet on One Page" weka "Fit All Columns on One Page". Hii ya pili inabana upana tu, urefu inauacha uende kurasa nyingi.

Vichwa mimi nafanya hivi: nanakili ile mistari ya vichwa, naipachika kila baada ya mistari 40. Inatoka safi.

---

Chwaka_Kaskazini

Hakuna haja ya kunakili. Gandisha ile mistari ya juu tu, View kisha Freeze, uchague hadi mstari wa 6. Ukiprinti inajirudia yenyewe kila ukurasa. Nafanya kazi hiyo kila mwisho wa mwezi, sijawahi kukwama.

---

Katibu_Moro

Ahsanteni. @Chwaka_Kaskazini nimegandisha, kwenye skrini vichwa vinabaki juu vizuri, lakini nikiangalia kabla ya kuprinti ukurasa wa pili hauna kichwa. @Bwana_Stoo ushauri wako wa kolamu umenisogeza, sasa kolamu zote ziko ukurasa mmoja, ila pamoja na V na W, na maandishi bado madogo.

---

FundiKaratasi

Habari za jioni. Nina steshenari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuprinti madaftari ya watu wengine, kwa hiyo haya nayaona karibu kila siku.

Nianze na Chwaka, maana nadhani hatumii programu moja na Katibu. Kwenye Google Sheets mistari iliyogandishwa kweli hujirudia, kuna alama ya "Repeat frozen rows" kwenye dirisha la kuprinti. Kwenye Excel kugandisha ni kwa macho ya skrini tu, printa haijui habari hiyo. Ni mambo mawili yanayojitegemea.

Kunakili vichwa kila mistari 40 naomba sana Katibu usifanye. Siku utakapopanga majina kwa alfabeti, vile vichwa vitachanganyika na wanachama. Na ukibadilisha pambizo au upana wa kolamu moja tu, ukurasa utabeba mistari 44 badala ya 40, vichwa vyako vitatokea katikati ya karatasi. Nimeletewa kazi kama hiyo, ikabidi mteja akae na mimi tufute vichwa kimoja kimoja.

Sasa kile kisanduku cha kijivu. Bila shaka ulifungua Page Setup kutoka ndani ya dirisha la Ctrl+P, kwenye kile kiungo cha chini. Ukiingilia mlango huo, Excel inafunga "Print area" na "Rows to repeat at top". Rudi kwenye shiti yenyewe, nenda Page Layout, bonyeza Print Titles. Litafunguka dirisha lilelile lakini safari hii visanduku viko wazi.

Fanya kwa mpangilio huu, maana kila hatua inaegemea iliyotangulia.

Kwanza Size, chagua A4. Usidhani tayari ni A4, kompyuta nyingi zinakuja na Letter, ambayo ni fupi kwa karibu sentimita 2 kwenye ule upande mrefu. Kisha Orientation, Landscape.

Pili, eneo la kuprinti. Kile kisanduku kidogo kushoto juu, kinachoonyesha jina la kisanduku ulichopo, andika A1:T219 ubonyeze Enter. Eneo zima litachaguliwa. Ndipo ubonyeze Print Area, kisha Set Print Area. Hapo V na W zimebaki nje, na hazitahesabiwa tena kwenye kubana upana. Ukibonyeza Set Print Area ukiwa umesimama kwenye kisanduku kimoja tu, kitaprintiwa hicho kimoja peke yake, kwa hiyo angalia kwanza umechagua nini.

Tatu, palepale Page Layout kuna sehemu ya Scale to Fit. Width weka "1 page". Height iache "Automatic". Kosa lako la kwanza lilikuwa hapa. "Fit Sheet on One Page" inaweka vyote viwili kuwa 1. Daftari lako lina mistari 219, kila mmoja takriban nusu sentimita na kidogo, ukiipanga inafika zaidi ya mita moja. Karatasi iliyolala ina sentimita 17 tu za kuandikia kwenda chini. Excel ikalazimika kubana hadi karibu asilimia 14. Fonti ya 11 ikawa haifiki hata 2.

Nne, Print Titles. Kwenye "Rows to repeat at top" andika

```
$5:$6
```

Usiweke $1:$6, la sivyo jina la chama na mwaka vitakula nafasi kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza utatoa mistari 1 hadi 6 kama kawaida kwa sababu imo ndani ya eneo lako, na kuanzia wa pili utaona ule wa 5 na wa 6 tu. Havitajirudia mara mbili kwenye ukurasa wa kwanza, usiogope. Mistari lazima ifuatane, huwezi kutaka wa 1 na wa 5 ukiruka ya katikati.

Ukimaliza, fungua tena Page Setup usome "Adjust to" inaonyesha asilimia ngapi. Niletee namba hiyo.

---

Chwaka_Kaskazini

Ni kweli Fundi, natumia Google Sheets, ofisini kwetu kila kitu kipo huko. Sikujua kuwa Excel iko tofauti. Katibu niwie radhi kwa kukupotezea muda.

---

Pwani_Yetu

Na wanaotumia LibreOffice kama mimi hapa Mombasa wasihangaike kutafuta Page Layout. Huku eneo na mistari ya kurudia viko pamoja: Format, Print Ranges, Edit. Kubana upana kuko kwingine kabisa, Format, Page Style, kichupo cha Sheet, "Fit print range(s) to width/height". Upana weka 1, urefu uache mtupu. Nilikaa miezi nikiweka 1 kote kote nikishangaa kwa nini herufi ni ndogo, kumbe nilikuwa nafanya lilelile la Katibu.

---

Katibu_Moro

Fundi, Mungu akubariki. Kisanduku kimefunguka, vichwa vinajirudia, V na W zimeondoka. "Adjust to" inasema 59.

Niliprinti ukurasa mmoja nikaubandika ukutani nikasimama hatua moja. Mimi nasoma. Mhazini wetu ambaye ni mtu mzima amesogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Naweza kuongeza ukubwa?

---

Bwana_Stoo

Ondoa hiyo "1 page", kwenye Scale andika 80 tu, utapata herufi kubwa.

---

FundiKaratasi

Bwana Stoo, ukiandika 80 karatasi haitapanuka, kolamu za mwisho zitahamia ukurasa mwingine na tutarudi kwenye selotepu. Ile asilimia ni jibu la mgawanyo: upana wa karatasi kwa upana wa kolamu. Ukitaka jibu kubwa, ama ongeza karatasi ama punguza kolamu.

Katibu, ingia View, Page Layout. Ukiwa kwenye mwonekano huo, kamata mpaka wa kolamu yoyote, Excel itakuonyesha upana wake kwa sentimita badala ya idadi ya herufi (kama inakuonyesha inchi, inabadilishwa kwenye File, Options, Advanced, "Ruler units"). Pima zote uniandikie.

---

Katibu_Moro

Nimepima. A ni sentimita 1. B ni 2. C ya majina 5.2. D ya hisa 2. Miezi yote 12 ni 2 kila mmoja. Q ya jumla 2.6. R, S na T ni 2.4 kila moja.

---

FundiKaratasi

Jumla yake ni sentimita 44. A4 iliyolala ni 29.7. Pambizo za kawaida za Excel zinachukua karibu 1.8 kila upande, zinabaki 26.1. Gawanya 26.1 kwa 44 unapata 59, ndiyo ile uliyoiona. Fonti ya 11 kwa asilimia 59 ni 6.5, na kwa mzee kusoma ukutani hiyo ni ndogo kweli.

Hatua ya kwanza haina gharama. Margins, chagua Narrow. Kushoto na kulia inabaki 0.64 kila upande, kwa hiyo nafasi ni 28.4. Unafika asilimia 64, fonti 7 hivi. Baadhi ya printa haziwezi kuandika karibu hivyo na ukingo, kwa hiyo toa ukurasa mmoja wa majaribio uangalie kama kolamu A na T zimetoka kamili.

Hatua ya pili ndiyo yenye faida. Miezi yako 12 imekula sentimita 24, zaidi ya nusu ya daftari, na nina hakika upana huo umewekwa kwa ajili ya neno "Septemba", siyo kwa ajili ya pesa. Andika Jan, Feb, Sep, Des. Chagua E hadi P kwa pamoja, uzibane kuwa 1.6. Hapo 120,000 inakaa bila tatizo kwa fonti ya 11. Majina yabane kuwa 4.6, na yale marefu uyape Shrink to Fit kwenye Format Cells, Alignment, kwa kolamu C tu.

Sasa jumla ni 38.6. Gawanya 28.4 kwa 38.6, unapata asilimia 73. Fonti yako inatoka ikiwa 8. Kutoka 6.5 hadi 8 bila kununua karatasi kubwa.

Mwisho hapa: usiangalie skrini peke yake. Kolamu ikibanwa sana, namba inageuka ####, na wakati mwingine skrini inaonyesha namba nzuri lakini printa inatoa ####, kwa sababu herufi za printa hazilingani kabisa na za skrini. Pitia kurasa zote kwenye Ctrl+P, hasa mstari wa jumla, maana namba zake ndizo ndefu kuliko zote.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Samahani kuingilia. Mimi tatizo langu ni hilihili la vichwa, nimefuata hatua za Fundi kwenye shiti moja na imekubali. Ila nina shiti 8, kila mkondo wake, zote zinafanana, vichwa viko mstari wa 4 na kolamu A hadi P. Nimechagua shiti zote kwa Shift, Orientation na Width zimekubali kwa pamoja, lakini Print Titles imekuwa kijivu tena ingawa sikupitia Ctrl+P. Je, nimekosea wapi?

---

FundiKaratasi

Mwalimu hujakosea. Shiti zikiwa zimeshikwa pamoja, Excel inakubali kulaza karatasi, pambizo na kubana, lakini eneo la kuprinti na mistari ya kurudia inataka shiti moja moja, kwa sababu vinahifadhiwa kama majina ya shiti husika. Ukibonyeza Ctrl+F3 utaviona humo, Print_Area na Print_Titles, kila kimoja na shiti yake.

Kwa shiti 8 unaweza kufanya kwa mkono kwa dakika kumi. Kama unarudia kila muhula, tumia makro fupi. Zichague zile shiti, Alt+F11, Insert, Module, bandika hii, kisha F5:

```
Sub PangaKurasa()
    Dim ws As Worksheet
    For Each ws In ActiveWindow.SelectedSheets
        With ws.PageSetup
            .PrintArea = "$A:$P"
            .PrintTitleRows = "$4:$4"
            .Orientation = xlLandscape
            .Zoom = False
            .FitToPagesWide = 1
            .FitToPagesTall = False
        End With
    Next ws
End Sub
```

Mstari wa Zoom usiufute. Bila huo Excel inaendelea kufuata asilimia ya zamani na kupuuza ile 1 ya upana. Eneo nimeliandika kwa kolamu nzima, A hadi P bila namba za mistari, kwa sababu mikondo haina idadi sawa ya wanafunzi. Excel itaishia kwenye mstari wa mwisho wenye kitu. Lakini mistari ya jedwali nayo ni kitu. Kama umechora mipaka hadi mstari wa 500 ukingoja wanafunzi wapya, utapata kurasa tupu zenye vyumba.

Ukimaliza, hifadhi faili kama kawaida, makro haihitajiki kubaki. Mipangilio imeshaingia kwenye shiti.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Imekubali zote 8. Mkondo mmoja umetoa kurasa 9 badala ya 2, na ni kama ulivyosema, kuna mtu alichora mipaka hadi chini kabisa. Nimeifuta, zimebaki 2.

---

BibiHazina

Wanangu hamjambo. Mimi ni mhazini wa kikundi cha akina mama, na macho yangu siyo ya zamani. Nimesoma yote na nimewaelewa, lakini fonti ya 8 ukutani bado ni kazi kwa mtu wa umri wangu. Miwani siku nyingine naisahau nyumbani. Mnazungumza kana kwamba lengo ni kila kitu kikae karatasi moja. Lengo la Katibu ni mtu asome mstari wake bila kukosea. Je, haiwezekani ziwe karatasi mbili kwa upana lakini zote zina majina?

---

FundiKaratasi

Shikamoo bibi. Inawezekana, na nakubali sikuifikiria kwa upande huo.

Palepale chini ya "Rows to repeat at top" kuna "Columns to repeat at left". Katibu aweke

```
$A:$C
```

na kila ukurasa wa pili utaanza na namba na jina. Hapo hakuna selotepu wala kubahatisha, kila karatasi inajitegemea.

Tuhesabu kwa zile kolamu zilizokwisha banwa. A hadi C ni 7.6. Ukikata baada ya Juni, karatasi ya kwanza ina 7.6, hisa 2 na miezi 6 yenye 9.6, jumla 19.2. Karatasi ya pili ina 7.6 zilezile, miezi 6 ya mwisho 9.6, jumla ya akiba 2.6, na zile tatu za mkopo 7.2. Inafika 27. Nafasi ni 28.4. Kwa hiyo zote zinaingia kwa asilimia 100 na fonti inabaki 11 kamili.

Tofauti ni kwamba hapa usitumie Width "2 pages". Ukitumia, Excel inapuuza mkato wako na kukata inapotaka, na inaweza kukata Agosti. Rudisha Width na Height kuwa Automatic, Scale 100. Simama kisanduku K1, ambapo Julai inaanzia, Breaks, Insert Page Break. Ukisimama mstari wa 1 unakata kolamu tu, ukisimama katikati ya shiti utakata mistari pia. Kisha Page Setup, kichupo cha Sheet, chini kabisa chagua "Over, then down", ili karatasi mbili za watu walewale zifuatane. Bila hiyo zinatoka kwanza za upande wa kushoto zote, halafu za kulia.

Kuna kitu kimoja kitaharibika: AKIBA ZA KILA MWEZI ya mstari wa 5, kwa sababu imeunganishwa E hadi P. Mkato unapita katikati yake, nusu ya maneno itakuwa karatasi moja na nusu nyingine. Itenganishe. Unganisha E hadi J uandike AKIBA JANUARI–JUNI, na K hadi P uandike AKIBA JULAI–DESEMBA.

---

Bwana_Stoo

Karatasi zitakuwa ngapi hizo?

---

FundiKaratasi

Nimehesabu kwa pambizo za juu na chini za sentimita 1.5. Kwa asilimia 73 na upana mmoja zinatoka 5. Kwa njia ya bibi zinatoka 14, saba za kushoto na saba za kulia. Hizo pambizo za 1.5 nazo zina maana yake: ukiacha za Narrow, karibu 1.9 juu na chini, ile ya kwanza inatoka karatasi 6 na ya sita ina mistari saba tu. Nusu sentimita ndiyo inayookoa karatasi.

Na kwa njia yoyote, weka namba ya ukurasa. Page Setup, Header/Footer, Custom Footer, andika

```
Ukurasa &[Page] kati ya &[Pages]
```

Karatasi ikidondoka ukutani mtajua ipi imekosekana.

---

Pwani_Yetu

Na A3? Mjini hapa wanaprinti. Ni sentimita 42 ikilala, 38.6 za Katibu zinaingia bila kubanwa hata kidogo, na kolamu zote zinabaki pamoja.

---

FundiKaratasi

A3 ni nzuri kuliko zote mbili ukiipata. Kwangu sina printa yake, na wengi wa mitaani hatuna. Katibu aulize kwanza kabla ya kubadilisha Size, maana ukichagua A3 ukapeleka kwenye printa ya A4, wanaweza kuibana ili iingie na utarudi kulekule.

Hilo linanileta kwenye jambo ambalo naliona kila siku. Usilete faili la Excel kwenye flashi. Kompyuta yangu ina printa nyingine na fonti nyingine, mikato inaweza kuhama. Hifadhi kama PDF ukiwa kwako, File, Save As, chagua PDF, pitia kurasa zote, ndipo uilete. Na ukifika mwambie anayeprinti achague "Actual size". Akichagua "Fit" inaweza kupunguza tena, na fonti yako ya 8 inashuka bila wewe kujua.

---

Katibu_Moro

Nimefanya zote mbili na nimezitoa. Ile ya karatasi 5 imetoka asilimia 73 kama ulivyohesabu, ila mstari wa jumla ulikuwa na #### Machi na Juni, kwa sababu jumla ya mwezi kwa watu wote inapita milioni 10. Nimepunguza fonti ya mstari wa 219 peke yake kuwa 9, zimetokea.

Ya BibiHazina imetoka 14. Mwanzoni nilikata nikiwa J1, Juni ikahamia karatasi ya pili. Nikafuta mkato kwa Breaks, Remove Page Break, nikarudia K1.

Mhazini amesimama mbele ya zote mbili. Amesoma ya 14 bila kusogea. Mwenyekiti anataka ya 5, anasema mtu anapaswa kuona akiba na salio lake kwa jicho moja bila kuvuka karatasi. Kesho asubuhi naenda mjini kuulizia A3.

---

BibiHazina

Ukiikosa hiyo A3, bandika za 5 ukutani na hizi 14 ziweke mezani kwa mhazini. Anayeshindwa kusoma ukutani aje aketi asome.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Swali la mwisho kabla uzi haujashuka: kuna aliyeweza kuweka mistari ya kurudia kwa kutumia simu? Mwalimu mwenzangu hana kompyuta, na mkondo wake anaujaza kwenye simu.

---

Chwaka_Kaskazini

Mimi kwenye simu najaza tu. Kuprinti nasubiri nifike ofisini.